Chatboti haikumbuki, inasoma upya

Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilitangaza kwamba ChatGPT itaanza kutunza mambo ambayo mtumiaji ameiambia, ili mazungumzo ya kesho yasianze sifuri. Aprili 2025 ikaenda mbali zaidi: chatboti hiyo ikaweza kurejea mazungumzo ya nyuma kwa ujumla wake, hata yale ambayo hakuna aliyeagiza yawekwe kando. Siku hizi kila anayetengeneza chatboti, hata ya kazi ndogo kabisa, lazima aulizwe: je, yako inakumbuka? Na jibu linalotolewa mara nyingi ni jepesi: tunahifadhi mazungumzo kwenye hifadhidata, mtu akirudi tunayapakia tena, kwa hiyo inakumbuka. Nadhani jibu hilo linachanganya vitu viwili, na mchanganyiko huo ndio unaozaa karibu kila kasoro ambayo watumiaji wanailalamikia.

Kiswahili chenyewe kinatusukuma kwenye kosa hili, maana neno kumbukumbu tunalitumia kwa mambo mawili. Kumbukumbu rasmi za bunge ni maandishi: kila neno lililosemwa, na aliyelisema, kwa mpangilio wake. Kumbukumbu ya mbunge aliyekaa ndani ya ukumbi ni kitu kingine. Yeye anajua hoja ipi ilipita, ipi iliondolewa, nani alibadilisha msimamo siku ya pili, na lipi lilishapitwa na wakati. Hifadhidata ya mazungumzo inatupa kumbukumbu za aina ya kwanza tu. Ile ya pili lazima mtu aijenge, na kuijenga ni kuamua nini kisomwe tena, kikiwa na tarehe gani, na kikiwa kimetoka kinywani mwa nani. Kuhifadhi ni kazi ya nusu saa. Maamuzi hayo ndiyo kazi yenyewe.

Anayetazama kutoka nje anaweza kudhani kwamba modeli ya lugha inajifunza kadiri anavyozungumza nayo. Haijifunzi. Namba zilizo ndani yake, zile zilizopangwa wakati wa kuifunza, hazibadiliki hata moja kwa sababu ya mazungumzo yako. Kila unapotuma ujumbe, programu iliyo kati yako na modeli inatuma orodha nzima: maelekezo ya awali ya mwenye programu, ujumbe wako wa kwanza, jibu lake, ujumbe wako wa pili, jibu lake, mpaka ule ulioandika sasa hivi. Modeli inasoma orodha yote kuanzia juu, inaandika jibu, na baada ya hapo haina habari kwamba mliwahi kuongea. Kwa hiyo hata ndani ya kikao kimoja, kile tunachokiona kama kukumbuka ni kusomewa upya kila mara. Tofauti ya kikao kimoja na vikao viwili ni mahali orodha ilipolala katikati yake. Kama ilikuwa ndani ya programu tu, ukifunga imepotea. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kila mtu ni jedwali la namna hii:

```sql
CREATE TABLE ujumbe (
  id        INTEGER PRIMARY KEY,
  mtu_id    INTEGER NOT NULL,
  kikao_id  INTEGER NOT NULL,
  nani      TEXT NOT NULL,  -- user au assistant
  maandishi TEXT NOT NULL,
  wakati    TEXT NOT NULL
);
```

Kila ujumbe unaoingia na kila jibu linalotoka vinaandikwa mstari mmoja mmoja. Mtu akirudi, programu inavuta mistari yake ya mwisho na kuiweka mbele ya ujumbe wake mpya:

```sql
SELECT nani, maandishi, wakati FROM ujumbe
WHERE mtu_id = ? ORDER BY id DESC LIMIT 20;
```

Hapo pana mtego ulionilia jioni nzima siku moja. Ombi hilo linaleta mistari 20 ya karibuni, lakini mpya ndiyo inakuja juu. Usipoipindua kabla ya kuituma, modeli inasoma mazungumzo kinyumenyume, na hakuna kosa lolote litakaloonekana kwenye skrini. Majibu yanakuja, yana adabu, yana mantiki kiasi, ila yanajibu mambo yaliyokwisha. Nililigundua tatizo pale chatboti iliponijibu vizuri kabisa swali nililouliza mwanzoni kabisa, kwa sababu swali hilo ndilo lililoangukia chini ya orodha, karibu na ujumbe wangu mpya. Na sharti la `mtu_id` likisahaulika, kosa ni kubwa zaidi: mtu mmoja anasomewa maisha ya mwingine. Ila haya mawili yana dawa inayojulikana. Ninayotaka tuyatazame yanatokea hata kama kila mstari wa programu hauna kasoro.

Tuchukue mfano. Kuna chatboti ya kumsaidia mwanafunzi hesabu, inayoendeshwa na modeli ndogo. Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2025 mwanafunzi anaandika: "Nina mtihani Jumatano ya wiki ijayo. Nipe mifano mifupi tu, sina muda." Wanafanya kazi nusu saa. Katikati yake anauliza: kitu cha 100 kikiongezwa asilimia 20, kisha kikapunguzwa asilimia 20, kinarudi ngapi? Chatboti inamjibu kwamba kinarudi 100. Ni kosa. 100 ikiongezwa asilimia 20 ni 120, na asilimia 20 ya 120 ni 24, hivyo jibu ni 96. Mwanafunzi hakugundua, akaendelea. Hifadhidata inaandika yote kwa uaminifu. Mtihani unapita tarehe 12. Tarehe 26 Machi anarudi na kuandika: "Tuendelee na asilimia." Programu inavuta mistari 20 ya mwisho na kuipakia.

Chatboti inamjibu kwamba kwa kuwa mtihani wake ni Jumatano ya wiki ijayo, watafanya mifano mifupi. Na katika mfano wa kwanza inaongeza asilimia 20, inaondoa asilimia 20, na kurudi palepale ilipoanza. Makosa matatu, na yote matatu yametoka kwenye rekodi iliyo sahihi neno kwa neno. La kwanza ni la wakati. "Wiki ijayo" ni neno lenye maana siku lilipotamkwa tu. Modeli haina saa. Safu ya `wakati` ipo kwenye jedwali, lakini programu ilituma safu za `nani` na `maandishi` peke yake, kwa hiyo kwa modeli mazungumzo ya tarehe 3 na ujumbe wa tarehe 26 vimefuatana kama sentensi mbili za pumzi moja. La pili ni la sharti lililokufa. Mwanafunzi alitaka mifano mifupi kwa sababu ya mtihani. Mtihani umepita, sababu imeondoka, sharti limebaki. La tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote. Modeli ya lugha huendeleza kile ilichokikuta kwenye maandishi, na majibu yake ya zamani yapo humo yakiwa na mamlaka ileile ya maneno mengine. Kosa lililofanywa mara moja limegeuka mfano wa kuigwa. Kabla ya kuhifadhi, kosa lile lingekufa kikao kilipofungwa. Sasa tumelipa makazi.

Nimekutana na wahandisi wanaosema kwamba haya ni matatizo ya jana, kwa sababu dirisha la muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kusoma kwa mkupuo, limekua sana. Mwanzoni mwa 2023 modeli iliyotumiwa sana na waundaji wa chatboti ilikuwa na dirisha la tokeni 4,096. Tokeni ni kipande cha neno. Neno la Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande viwili au zaidi. Leo kuna modeli zenye dirisha la tokeni milioni moja. Basi pakia kila kitu, wanasema, na modeli itajichagulia yenyewe linalofaa. Ukiikatia modeli mazungumzo, unaweza kukata hasa kile kitakachohitajika kesho, na mashine ya kuchagua utakayoijenga itakuwa na akili ndogo kuliko modeli yenyewe.

Hoja hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyokubali, hata upande wa gharama. Tuseme kila swali na jibu lake vina tokeni 200. Baada ya mizunguko 100 maandishi yote ni tokeni 20,000, kiasi kidogo tu. Lakini kwa kuwa historia inatumwa upya kila mara, mzunguko wa pili unabeba tokeni 200 za nyuma, wa tatu 400, wa mia 19,800, na jumla ya historia iliyosomwa inafika tokeni 990,000. Ukibeba mizunguko 20 ya mwisho tu, jumla inashuka hadi 358,000. Wengi wanaishia hapo na kutangaza kwamba kukata ni nafuu. Wanasahau kwamba watoa huduma wengi wanatoza bei ndogo kwa sehemu ya mwanzo ya maandishi ambayo haijabadilika tangu ombi lililopita, kwa sababu hawana haja ya kuichakata upya. Anayepakia yote anaongeza chini tu, hivyo juu hapabadiliki na anapata punguzo hilo. Anayekata juu kila mzunguko anabadilisha mwanzo wa maandishi na kulipoteza. Kwa mazungumzo ya urefu wa wastani, kupakia yote kunaweza kweli kuwa nafuu.

Kinachoiangusha hoja ya dirisha kubwa ni kwamba haigusi hata kosa moja kati ya yale matatu. Mazungumzo ya mwanafunzi wetu yalikuwa mafupi. Yaliingia kwenye dirisha na nafasi ikabaki. Kosa halikutokana na kukosa kusoma. Chatboti ilisoma yote na kuyaamini yote kwa uzito mmoja. Ukiipa miaka miwili ya mazungumzo badala ya nusu saa, unaiongezea idadi ya "wiki ijayo" zilizokwisha, masharti yaliyokufa, na majibu mabaya ya kuiga. Zaidi ya hapo, kusoma ndani ya dirisha si kusoma kwa usawa. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Nelson Liu walionyesha kwamba modeli walizopima zilitumia vizuri habari iliyokaa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na vibaya zaidi ile iliyozama katikati. Modeli zilizofuata zimepunguza udhaifu huo. Lakini fikiria mahali ambapo sahihisho hukaa kwenye rekodi ndefu. Mtu anasema jambo mara nyingi, halafu siku moja analikanusha kwa sentensi moja, kisha anaendelea na mengine kwa miezi. Sentensi hiyo moja imezama katikati, na imezungukwa na marudio ya kinyume chake.

Kambi ya pili inasema tufupishe. Kila kikao kikiisha, modeli iandike muhtasari, na kikao kijacho kipakiwe muhtasari badala ya mazungumzo. Ni njia nzuri kuliko ya kwanza, na nimeitumia, lakini ina ugonjwa wake unaokuja polepole. Muhtasari wa kwanza wa mwanafunzi wetu unaweza kusoma: "Kwa sababu ya mtihani wa wiki ijayo, anataka mifano mifupi kwa sasa." Baada ya kikao cha pili, programu inachukua muhtasari huo pamoja na mazungumzo mapya na kuomba muhtasari mpya usiozidi maneno mia. Nafasi ni ndogo, hivyo "kwa sababu ya mtihani" inaondoka: "Anataka mifano mifupi kwa sasa." Katika wa tatu "kwa sasa" nayo inaondoka, na kinachobaki ni "Anapenda maelezo mafupi." Ombi la siku moja limekuwa tabia ya mtu. Hakuna hatua iliyodanganya. Kila moja iliacha neno moja au mawili yaliyoonekana madogo. Namna ya kuligundua ni rahisi ukijua pa kuangalia: soma mihtasari mitatu iliyofuatana ya mtu mmoja na uone kama maneno ya wakati na ya sababu yanapungua. Dawa ni kutofupisha muhtasari kamwe. Kila mara rudi kwenye mazungumzo ya awali na ufupishe kutoka huko, hata kama ni gharama zaidi. Ndiyo sababu siungi mkono wanaofuta mazungumzo mara tu muhtasari unapopatikana huku wakidhani wanaokoa nafasi. Wanachoma asili na kubaki na nakala ya nakala.

Kisha wapo wanaosema tusihifadhi kabisa, na hao nawaheshimu. Watu huiambia chatboti mambo ambayo hawajamwambia ndugu yao, na hifadhidata ni mahali pamoja ambapo yote yanaweza kuvuja, kuibwa au kudaiwa na mahakama. Mei 2025 mahakama nchini Marekani, katika kesi ambayo gazeti la The New York Times liliifungua dhidi ya OpenAI, iliamuru kampuni hiyo itunze majibu ya chatboti yake ambayo vinginevyo yangefutwa. Kilichoandikwa mahali hakipo tena chini ya amri ya aliyekiandika peke yake. Kama kazi ya chatboti ni ya kuja mara moja na kuondoka, kambi hii iko sahihi na mjadala umekwisha. Lakini mwanafunzi anayerudi kila wiki, akilazimika kueleza upya kila mara yuko wapi na nini kinamshinda, anatumia dakika zake kumi za kwanza kurudia yale aliyokwisha kusema. Mzigo wa mwendelezo hauondoki tusipohifadhi, tunamtwisha yeye. Kwa mtu wa namna hiyo swali linageuka kuwa nini kihifadhiwe, na akiamua kukiondoa, kiondoke kweli.

Ninachokitetea ni kutenganisha kumbukumbu zile mbili ndani ya hifadhidata yenyewe. Jedwali la `ujumbe` libaki kama lilivyo: linaongezwa tu, maneno yake hayarekebishwi mpaka mwenyewe aamue kuyafuta, na kwa kawaida halipakiwi, isipokuwa mizunguko michache ya mwisho ili mazungumzo yasikatike ghafla. Kando yake liwepo jedwali la taarifa, lenye mistari michache, ambalo ndilo modeli inasomewa:

```sql
CREATE TABLE taarifa (
  id        INTEGER PRIMARY KEY,
  mtu_id    INTEGER NOT NULL,
  habari    TEXT NOT NULL,
  chanzo_id INTEGER NOT NULL
            REFERENCES ujumbe(id) ON DELETE CASCADE,
  tangu     TEXT NOT NULL,
  hadi      TEXT
);
```

Uzito wote uko kwenye safu tatu za mwisho. `tangu` na `hadi` zinatatua "wiki ijayo". Wakati wa kuandika taarifa, siku ileile ya tarehe 3 Machi, maneno ya mwanafunzi yanageuzwa kuwa tarehe kamili: mtihani ni 2025-03-12, na mstari huo unaisha siku hiyo. Ombi la mifano mifupi lilifungwa kwenye mtihani, kwa hiyo nalo linapewa `hadi` ileile. Baadaye mtu akibadilisha msimamo, mstari wa zamani haufutwi. Unawekewa tarehe ya mwisho, na mpya unaongezwa, ili tuweze kujua chatboti ilikuwa inaamini nini siku fulani. Ombi la kupakia linachukua ile tu ambayo `hadi` yake haijafika au haipo, pamoja na matukio na maombi yaliyopita karibuni ambayo mtu angependa kuulizwa.

Tarehe zinahitaji uangalifu mdogo hata kwenye mizunguko ya mwisho inayopakiwa kama ilivyo. Wengi, wakishaelewa tatizo la wakati, wanabandika saa mbele ya kila ujumbe, mfano `[2025-03-03 19:40]`. Inafanya kazi kwa siku mbili, kisha chatboti inaanza kuandika saa za kubuni mbele ya majibu yake, kwa kuwa ndivyo inavyoona majibu yake yote ya zamani yalivyoandikwa. Ni ugonjwa uleule wa kuiga. Nimeona ni salama kuweka mstari mmoja tu mahali kikao kinapobadilika, unaotaja tarehe ya kikao kile, na kuweka tarehe ya leo kwenye maelekezo ya awali.

`chanzo_id` inataja ujumbe uliozaa taarifa hiyo, na ndiyo inayotuwezesha kuweka kanuni ninayoishikilia sana: taarifa itokane na ujumbe wa mtu, kamwe isitokane na jibu la chatboti. Programu inayotoa taarifa isomewe mazungumzo yote ili ielewe, lakini mstari wowote ambao chanzo chake `nani` ni `assistant` ukataliwe. Kwa kanuni hiyo, "100 inarudi 100" haiwezi kuingia kwenye taarifa. Kinachoweza kuingia ni kwamba mwanafunzi aliuliza kuhusu kuongeza na kupunguza asilimia, jambo ambalo ni kweli. Kosa la hesabu linabaki kwenye rekodi, ambako haliigwi na mtu. Kanuni hii ina gharama yake. Chatboti ikimpa mtu mpango mzuri wa wiki nne, nao hauwezi kuhifadhiwa mpaka yeye mwenyewe aseme ameukubali. Naiona gharama hiyo kuwa halali.

Hata hivyo haitoshi peke yake, kwa sababu ujumbe wa mtu hauna maneno yake tu. Watu hubandika barua pepe, kurasa za mtandao, mafaili. Mwaka 2024 mtafiti wa usalama Johann Rehberger alionyesha kwamba maandishi ya mtu baki, yakisomwa na ChatGPT, yangeweza kuiagiza ihifadhi mambo ya uongo kwenye kumbukumbu zake za kudumu. Hapo ndipo kuhifadhi kunapobadilisha ukubwa wa hatari. Agizo baya lililofichwa kwenye ukurasa lingeharibu kikao kimoja. Likiingia kwenye taarifa linapakiwa mwanzoni mwa kila kikao kinachofuata. Kwa hiyo kilichobandikwa kiwekwe alama tofauti na kilichoandikwa, na taarifa mpya zionyeshwe kwa mwenyewe kabla hazijaanza kutumika. Anayekuta mstari asioutambua ataukataa.

Limebaki jambo moja, nalo ni kufuta, na hapa watumiaji wanapotoshwa sana. Mtu akifuta mazungumzo, anaamini yaliyomo yameondoka. Katika ChatGPT, tangu kumbukumbu zilipoanza, kufuta mazungumzo hakukufuta jambo lililohifadhiwa kutokana nayo. Ilibidi mtu alifute hilo nalo, kando. Kinyume chake nacho kinawezekana kwenye mifumo ya wengine: unafuta taarifa, lakini rekodi bado ipo, na usiku programu ya kutoa taarifa inaipitia upya na kuirudisha. Mwenye jambo analiona limefufuka na anaacha kuamini kitufe cha kufuta. Kama kila taarifa inajua chanzo chake, pande zote mbili zinafungika: ujumbe ukifutwa, `ON DELETE CASCADE` inaondoa taarifa zake; taarifa ikifutwa na mtu, ujumbe wa chanzo unawekewa alama usipitiwe tena. Ukitumia SQLite, kumbuka kwamba masharti hayo ya uhusiano yamezimwa kwa kawaida, na kila muunganisho mpya lazima uyawashe:

```sql
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

Bila mstari huo, jedwali linaandikika, ufutaji unapita bila malalamiko, na taarifa zinabaki yatima zikiendelea kupakiwa. Jaribio lake ni la dakika moja: futa ujumbe mmoja wa majaribio, kisha hesabu taarifa zenye `chanzo_id` yake. Ikiwa jibu si sifuri, kufuta kwako hakufuti. Mihtasari ina shida kubwa zaidi hapa, kwa sababu sentensi moja ya muhtasari imechanganya jumbe kumi na huwezi kuchomoa mmoja. Ukiwa na mihtasari, njia ya uaminifu ni kuutupa wote na kuuandika upya kutoka kwenye kilichobaki.

Turudi basi kwa mwanafunzi wetu, tarehe 26 Machi, akiandika "Tuendelee na asilimia." Safari hii modeli haisomewi nusu saa ya mazungumzo. Inasomewa tarehe ya leo, mizunguko michache ya mwisho ambamo kosa lile halimo, kisha mistari mitatu: kwamba alikuwa na mtihani tarehe 12 Machi 2025, kwamba aliomba mifano mifupi kwa ajili ya mtihani huo, na ombi hilo liliisha siku ya mtihani, kwamba mara ya mwisho aliuliza kuhusu kuongeza na kupunguza asilimia ileile. Hakuna 100 iliyorudi 100 mbele yake. Inamuuliza mtihani ulikwendaje, inamwuliza kama sasa ana muda wa maelezo marefu, na inaanza swali la asilimia kutoka mwanzo. Huenda modeli ileile ndogo ikakosea tena, lakini litakuwa kosa jipya, ambalo mwanafunzi ana nafasi ya kulinasa. Na chini ya mistari ile mitatu pana kitufe kinachomwonyesha, kwa kila mmoja, sentensi yake mwenyewe iliyouzaa, na siku aliyoiandika.